Tangazo la kazi ya afisa mradi: naomba mlikague kabla halijatoka

Mratibu wa Pipeline

Habari za jioni wanajamvi. Ninaongoza shirika dogo hapa Pipeline, Embakasi. Tunawarudisha shuleni wasichana waliojifungua wakiwa bado wanafunzi, na wengi wao wanaishi Mukuru kwa Njenga. Tumepata ruzuku ya mwaka mmoja kwa ajili ya wasichana 24, na humo mna pesa za kumwajiri afisa mradi, jambo ambalo hatujawahi kuwa nalo. Kwa sasa ofisini tupo mimi, mhasibu anayekuja siku mbili kwa wiki, na dada wa mapokezi. Mtaani tuna wahudumu sita wa kujitolea.

Rasimu ya tangazo ni hii. Nisomeeni kwa jicho kali, maana likishatoka haliwezi kurudishwa.

"Tunatafuta afisa mradi mwanamke, umri miaka 25 hadi 32, mwenye shahada ya kazi ya jamii na uzoefu wa miaka mitano. Atasimamia shughuli zote za mradi, atawatembelea wasichana nyumbani na shuleni, ataongoza kikundi cha akiba cha kila Jumamosi, atasimamia wahudumu wa kujitolea, atanunua sare na vifaa, atatunza pesa za matumizi madogo, ataandika ripoti za kila mwezi na za mfadhili, ataandika maombi ya ufadhili mpya, ataendesha kurasa zetu za mtandaoni, na kufanya kazi nyingine yoyote atakayopewa. Awe mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Ataripoti kwa Mkurugenzi, kwa Mhasibu katika mambo ya fedha, na kwa Bodi kila robo mwaka. Mshahara ni wa kujadiliana. Ambatisha cheti cha maadili mema, cha KRA na cha HELB."

Kijana wa Donholm

Shikamoo mama. Mimi nina diploma ya maendeleo ya jamii na nimejitolea Mukuru miaka miwili. Nitume wasifu wangu kwa anwani gani? Niko tayari kuanza hata Jumatatu.

Mratibu wa Pipeline

Marahaba mwanangu. Tangazo lenyewe bado halijatoka, hapa ninaomba maoni tu. Likitoka nitaliweka kwenye uzi huu huu.

Otis wa Umoja

Mimi nimewahi kukaa kwenye kamati za kuajiri. Mkurugenzi, hapo kwenye umri utapelekwa mahakamani. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa umri na wa jinsia. Toa vyote viwili. Halafu ongeza kwamba kipindi cha majaribio ni mwaka mmoja, ili akikushinda umwachie bila fujo. Ruzuku yako ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo zinakwenda sambamba.

Bi Rehema

Dada Mratibu, nimetunza vitabu vya mashirika madogo ya Eastlands kwa muda mrefu, na nimekaa na wakaguzi wa hesabu wakati ambapo kila karatasi inafunguliwa. Nitaanza na sentensi ambayo wengi wataipita haraka, ile ya kuripoti. Umempa mtu mmoja wakubwa watatu.

Jiulize maswali manne. Akitaka likizo, nani anasaini? Mwisho wa mwezi, fomu yake ya saa za kazi inathibitishwa na nani? Akiomba masurufu ya kwenda mtaani, nani anasema ndiyo? Na siku akiona jambo baya linafanywa na mkuu wake, anamwambia nani? Ukiweza kujibu matatu ya kwanza kwa jina moja, una msimamizi mmoja. Jibu la nne lazima liwe jina jingine.

Kwako wewe, matatu ya kwanza ni Mkurugenzi. Mhasibu si bosi wa afisa mradi. Mhasibu ana mamlaka ya kukataa vocha isiyo na risiti au isiyo na kasma kwenye bajeti, na hapo hata wewe Mkurugenzi hupaswi kumlazimisha, lakini hampangii afisa kazi za siku. Ukiandika "ataripoti kwa Mhasibu", siku mhasibu atakapomwambia asubiri ofisini amalize hesabu, nawe umemtuma shuleni, atamsikiliza nani? Mhasibu wako yupo siku mbili tu. Siku hizo mbili zitageuka kuwa siku za kuvutana.

Bodi nayo isomewe ripoti ya mradi na Mkurugenzi, afisa akiwepo kujibu maswali. Akianza kuripoti bodini moja kwa moja, utashangaa mjumbe mmoja anampigia simu Jumapili kumwagiza mambo ambayo wewe huyajui. Mlango pekee wa afisa kwenda bodini bila kupitia kwako uwe ule wa swali la nne: malalamiko juu ya pesa, au juu ya usalama wa watoto. Huo mtaje mtu, kwa mfano mweka hazina wa bodi, na uandikwe kwenye mkataba.

Zawadi K.

Bi Rehema amenigusa. Nilikuwa afisa mradi kwa shirika moja upande wa Kasarani, sitalitaja. Barua yangu ilisema niripoti kwa meneja wa programu, na "kwa ukaribu" kwa mwakilishi wa mfadhili. Meneja akisema semina ifanyike wiki hii, mwakilishi anasema isubiri hadi aje yeye. Nilikodi ukumbi, nikaahirisha, mwenye ukumbi akakataa kurudisha amana. Kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka kila mmoja aliandika kwamba sifuati maagizo. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa maagizo yake. Nilimaliza mkataba nikaondoka.

Kwa hiyo Mratibu, kama mfadhili atakuwa anakuja mara kwa mara, andika wazi kwamba mawasiliano yote ya mfadhili yanapitia kwa Mkurugenzi.

Mratibu wa Pipeline

Pole sana Zawadi. Bi Rehema, nimekuelewa kwa usimamizi. Lakini shirika letu ni dogo. Nikisema mhasibu ndiye ashike pesa za matumizi madogo, siku tano za wiki hayupo au yupo kwingine. Ndiyo sababu nilimpa afisa mradi azitunze na anunue sare yeye mwenyewe. Nani mwingine atafanya?

Bi Rehema

Hapo ndipo pesa za mashirika madogo hupotelea, na mara nyingi bila mwizi yeyote. Tuchukue sare zenyewe. Wasichana 24, tuseme sare moja ni 2,500. Hiyo ni 60,000. Kwa rasimu yako, afisa anachagua fundi, anachukua pesa, analipa, anapokea sare, anazigawa, na anaandika kwamba zimegawiwa. Mkaguzi akija anakuta risiti moja ya mkono yenye mhuri, na ripoti inayosema wasichana 24 wamepata sare. Atauliza: nani mwingine aliziona hizo sare? Jibu likiwa hakuna, gharama hiyo inaweza kukataliwa. Ikikataliwa, mfadhili ana haki ya kudai 60,000 zake, nawe utazitoa wapi? Afisa anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado jina lake likachafuka, kwa sababu shirika halikumpa shahidi.

Watu watatu wanatosha. Afisa anaandika ombi: kitu gani, cha wangapi, kasma ipi. Mhasibu siku zake mbili anakagua kama kasma ina pesa na kama bei zimelinganishwa kwa mafundi wawili au watatu. Mkurugenzi anaidhinisha. Malipo yanakwenda kwa fundi moja kwa moja, benki au M-Pesa ya shirika, yakihitaji watu wawili, na afisa asiwe mmoja wao. Sare zikifika, dada wa mapokezi anazihesabu na kusaini. Siku ya kugawa, kila msichana anasaini karatasi yenye tarehe, na mzazi au mlezi anasaini pamoja naye kwa aliye chini ya miaka 18. Karatasi hiyo inarudi kwa mhasibu pamoja na risiti.

Pesa ndogo za nauli na maji, mwachie dada wa mapokezi kisanduku chenye kiwango maalumu, tuseme 10,000, na daftari lake. Mhasibu akija anahesabu: pesa zilizobaki ukijumlisha na vocha lazima ziwe 10,000 kamili. Afisa aombe kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo kwenye tangazo ondoa "atanunua" na "atatunza pesa". Andika "ataandaa maombi ya pesa za shughuli na kurejesha hesabu zenye stakabadhi ndani ya siku saba baada ya shughuli". Mwombaji anayejua kazi akisoma hapo ataelewa kwamba ofisi yako ina utaratibu, na ataomba kwa moyo mtulivu.

Mwanafunzi wa Sheria, Parklands

Naomba kumrekebisha kaka Otis kidogo, kwa heshima. Jinsia ipo kwenye kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira, ni kweli. Umri haupo kwenye orodha ya kifungu hicho. Umri unapatikana kwenye Katiba, ibara ya 27, na ibara hiyo hiyo inamkataza hata mtu binafsi kubagua, si serikali pekee. Kwa hiyo mwisho wa hoja ni ule ule: miaka 25 hadi 32 iondoke.

Kuhusu majaribio, mwaka mmoja hauwezi kuandikwa tangu mwanzo. Kifungu cha 42 kinasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa hadi miezi mingine sita mfanyakazi mwenyewe akikubali. Kwa mkataba wa mwaka mmoja, miezi mitatu ingefaa zaidi.

Na hivyo vyeti vya kuambatisha: Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022, mwajiri haruhusiwi kudai vyeti vya kuidhinishwa kutoka kwa mwombaji, ila yule anayekusudia kuingia naye mkataba wa maandishi. Vyeti hivyo vinamgharimu mtu pesa na siku. Viombe kwa mliyemchagua tu.

Otis wa Umoja

Asante kijana, kwa majaribio nakubali. Lakini bado nasema neno "mwanamke" litawaletea shida.

Mwanafunzi wa Sheria, Parklands

Hilo si rahisi. Kifungu hicho hicho cha 5 kinaruhusu kumtofautisha mtu pale ambapo asili yenyewe ya kazi inadai hivyo. Kuingia chumbani kwa msichana wa miaka 16 anayenyonyesha na kuzungumza naye peke yake kunaweza kuingia hapo. Lakini mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha, na watauliza kwa nini asifuatane na mhudumu wa kike kama afisa ni mwanaume.

Zawadi K.

Mimi naona iwe mwanamke, bila kuyumba. Nimekaa na wasichana hawa. Kuna maneno hawayasemi mbele ya mwanaume hata awe mpole namna gani. Mwingine aliyempa mimba ni jirani au mtu wa nyumbani, na mwanaume mgeni akibisha hodi, mtaa mzima unaanza kuhesabu siku.

Kijana wa Donholm

Dada Zawadi, nakuheshimu, lakini mimi nilipojitolea nilifuatana na mama mhudumu kila nyumba, na wakuu wa shule walinisikiliza. Kumfungia mtu nje kwa kuwa ni mwanaume si haki.

Mratibu wa Pipeline

Nitapeleka suala hilo kwa bodi, sina hakika bado. Nawasikia nyote wawili.

Bi Rehema, niambie kuhusu majukumu. Kuna mjumbe wa bodi anayesema orodha yangu ni fupi, kwamba mashirika mengine huandika hata majukumu 20.

Bi Rehema

Wacha tuyapime kwa saa, usiyapime kwa wingi wa mistari. Saa 40 kwa wiki, mara wiki 52, gawanya kwa miezi 12: unapata takriban saa 173 kwa mwezi. Huo ndio mtungi wako, na hauongezeki.

Wasichana 24, kila mmoja atembelewe mara mbili kwa mwezi. Hizo ni ziara 48. Kutoka Pipeline kuingia Mukuru, kumtafuta, kukaa naye, kuandika ulichokiona kabla hujasahau, ni saa moja na nusu ukiwa na bahati. Tayari saa 72. Mna shule ngapi?

Mratibu wa Pipeline

Tisa.

Bi Rehema

Kila shule mara moja kwa mwezi, saa tatu pamoja na kumsubiri mwalimu mkuu: saa 27. Kikundi cha Jumamosi, saa nne mara nne: 16. Tumefika 115. Mafaili ya wasichana, jedwali la mahudhurio na ripoti ya mwezi yasipungue saa 30: 145. Maombi ya pesa na kurejesha hesabu, weka 14: 159. Kikao cha wiki nawe na kikao cha wahudumu, weka 10: 169. Zimebaki saa nne. Mtoto wa mmoja wa wasichana akilazwa siku moja, hizo nne zimekwisha.

Sasa niambie maombi ya ufadhili mpya na kurasa za mtandaoni yatafanywa saa ngapi. Yatafanywa ndani ya zile 72 za ziara. Hakuna atakayekwambia. Utaligundua kwenye mafaili: ziara tatu za msichana mmoja zimeandikwa kwa wino ule ule, maneno yale yale, "anaendelea vizuri", na tarehe zinafuatana Ijumaa hadi Ijumaa. Ukiona hivyo ujue ziara ziliandikwa siku moja, mezani.

Kuna jambo la pili hapo. Kama ruzuku hii inalipa mshahara wake wote, basi saa zake zote zimenunuliwa na mradi huu. Saa anazotumia kumwandikia mfadhili mwingine ombi si za mradi huu. Fomu ya saa ikiandikwa kwa ukweli itaonyesha hivyo, na mfadhili anaweza kukata sehemu hiyo. Ikiandikwa kwa uongo, umemfundisha mfanyakazi wako kudanganya wiki yake ya kwanza. Maombi ya ufadhili ni kazi ya Mkurugenzi. Afisa akupe takwimu na hadithi za kweli kutoka mtaani, basi.

Otis wa Umoja

Hiyo hesabu ni nzuri, lakini "kazi nyingine yoyote" iachwe. Kila tangazo linayo. Bila hiyo mtu atakukatalia hata kupanga viti.

Bi Rehema

Iache, kaka, ila ifungwe kwa kamba: "kazi nyingine zinazohusiana na mradi huu, kwa makubaliano na Mkurugenzi". Na kikundi cha Jumamosi kitajwe waziwazi, kwamba wiki ya kazi ni Jumanne hadi Jumamosi. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ukimweka Jumatatu hadi Ijumaa halafu umwombe Jumamosi "kama msaada", kufikia mwezi wa tatu atakuwa amechoka, na wasichana watakuwa wa kwanza kuliona.

Mama Wawili, Tassia

Naingia kwa jambo la sifa. Mimi ni mhudumu wa kujitolea miaka mingi, sina shahada. Kila mara tunaletewa msimamizi mwenye shahada asiyejua plot ziko wapi, na sisi ndio tunamshika mkono. Je, ni lazima shahada na miaka mitano? Au wafadhili ndio wanataka?

Otis wa Umoja

Wafadhili wanataka, mama. Bila shahada hawapitishi jina.

Bi Rehema

Inategemea mkataba wa ruzuku. Baadhi hutaja sifa za wafanyakazi wakuu, na baadhi husema tu kwamba ukibadilisha mtu mkuu uwaarifu kwanza. Dada Mratibu, fungua mkataba wako usome kabla hujaandika "shahada". Kama haupo mstari huo, sioni kwa nini umfungie nje mtu kama Mama Wawili akiwa anajua kuandika ripoti. Mwenye shahada na miaka mitano naye, kwa mshahara wa shirika dogo, atakaa akitafuta pengine.

Sifa za kweli za kazi hii zinapimika mezani. Usiandike "mwaminifu", kila mtu ni mwaminifu kwenye barua. Siku ya usaili wape karatasi tatu: orodha ya mahudhurio yenye saini 19, risiti ya chakula cha watu 24, na aya ya ripoti inayosema "wasichana 24 walihudhuria". Waambie waandike nusu ukurasa: umegundua nini na utafanya nini. Mmoja atapamba ripoti. Mwingine atasema arekebishe orodha ifike 24, na huyo mshukuru umwage. Unayemtaka ataandika 19 kwenye ripoti, ataeleza kwamba chakula kiliagizwa mapema kwa 24, ataambatisha agizo lenyewe, na atauliza vile vyakula vitano vilikwenda wapi. Hapo umepima hesabu, maandishi na uaminifu kwa nusu saa.

Zawadi K.

Mshahara je? "Wa kujadiliana" ni neno linalotuumiza sana sisi waombaji. Mtu anatoka Ruiru kuja usaili, mwisho anaambiwa pesa ambazo hazimtoshi nauli na kodi ya nyumba.

Mratibu wa Pipeline

Kwenye bajeti kuna 900,000 kwa mwaka kwa nafasi hii. Ni 75,000 kwa mwezi. Nilidhani niandike 75,000.

Bi Rehema

Usiandike 75,000, utapungukiwa tangu mwezi wa kwanza. Ile 900,000 ni gharama yote ya mwajiri. Ndani yake lazima utoe NSSF ya upande wako, asilimia 6, na ushuru wa nyumba wa upande wako, asilimia 1.5, na shilingi 50 za NITA kila mwezi. Ukimlipa 69,000 kabla ya makato, NSSF yako ni 4,140, nyumba 1,035, na ile 50. Jumla 74,225. Zinabaki 775 kwa mwezi, na kuna bima ya ajali kazini, ile ya WIBA, ambayo ni lazima. Kwa hiyo 69,000 ndiyo dari yako.

Yeye naye atakatwa NSSF, SHIF ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba na kodi. Kwa viwango vya 2025 atafika nyumbani na karibu 51,000. Mwambie ukweli huo mapema.

Otis wa Umoja

Lakini ukitangaza kiasi, wahudumu sita wa kujitolea wataona. Wao wanapewa nauli tu. Hapo utazua manung'uniko mtaani.

Mama Wawili, Tassia

Tutaona hata msipotangaza, kaka. Bora tusome kuliko kusikia.

Mratibu wa Pipeline

Asanteni, nimekaa nikaandika upya. Nimesoma mkataba wa ruzuku, hautaji shahada. Hii ndiyo rasimu ya pili:

"Afisa Mradi, nafasi moja. Kituo: Pipeline, Embakasi, kazi nyingi zikiwa Mukuru kwa Njenga. Mkataba wa miezi 12 unaotegemea ruzuku iliyopo, majaribio miezi mitatu. Wiki ya kazi ni Jumanne hadi Jumamosi.

Mradi unawasaidia wasichana 24 waliojifungua kurudi na kubaki shuleni. Zaidi ya nusu ya muda wako utakuwa nje ya ofisi: kumtembelea kila msichana mara mbili kwa mwezi, kufika katika kila shule kati ya tisa mara moja kwa mwezi, na kuongoza kikundi cha akiba kila Jumamosi pamoja na wahudumu sita wa kujitolea ambao utawapangia kazi. Muda uliobaki utatunza faili la kila msichana kwa siri inayotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, utaandika ripoti ya mwezi, na utaandaa maombi ya pesa za shughuli na kurejesha hesabu zenye stakabadhi ndani ya siku saba. Hutashika pesa za shirika wala kuwa mtia saini. Kazi nyingine zinazohusiana na mradi huu zitafanywa kwa makubaliano na Mkurugenzi.

Utaripoti kwa Mkurugenzi, ambaye atakupangia kazi, kuidhinisha likizo na kuthibitisha saa zako. Mhasibu atakagua hati zako za fedha na anaweza kuzirudisha zikipungua. Utahudhuria kikao cha Bodi kila robo mwaka pamoja na Mkurugenzi. Malalamiko kuhusu fedha au usalama wa watoto unaweza kuyapeleka moja kwa moja kwa mweka hazina wa Bodi.

Tunahitaji mtu aliyefanya kazi na vijana au familia mtaani kwa miaka miwili au zaidi, kwa malipo au kwa kujitolea. Anayeandika ripoti fupi inayoeleweka kwa Kiswahili na Kiingereza. Anayeweza kusoma bajeti na kutumia Excel kwa jedwali la mahudhurio. Cheti au diploma ya kazi ya jamii ni nyongeza nzuri. Usaili utakuwa na zoezi la maandishi. Vyeti vya maadili mema na vinginevyo vitaombwa kwa atakayechaguliwa tu. Hakuna malipo yoyote ya kuomba kazi hii."

Mshahara na neno "mwanamke" nimeviacha wazi hadi bodi ikutane Alhamisi.

Bi Rehema

Imekaa vizuri. Mambo mawili. Ongeza kwamba atakayechaguliwa atatia saini kanuni za ulinzi wa watoto kabla ya ziara ya kwanza, na kama hamna kanuni hizo ziandikeni sasa, msisubiri afike. La pili, umesema atawapangia kazi wahudumu sita. Je, mhudumu akigombana naye, anakwenda kwa nani? Hawa walikuwapo kabla yake na wamekuzoea wewe. Watakupigia simu moja kwa moja.

Mama Wawili, Tassia

Hilo ni kweli kabisa. Mimi ningempigia Mkurugenzi.

Bi Rehema

Basi Mkurugenzi awasikilize, kisha awarudishe kwa afisa wao, isipokuwa malalamiko yawe juu ya afisa mwenyewe. Akianza kuamua kwa simu, yule afisa atakuwa karani tu.

Mratibu wa Pipeline

Nitakaa na wahudumu Jumamosi hii, kabla ya tangazo kutoka, niwaeleze ngazi hiyo wenyewe. Mama Wawili, hata wewe ukiona unafaa, omba.

Mama Wawili, Tassia

Excel ndiyo sijui.

Kijana wa Donholm

Mama, mimi naijua. Niko karibu na Tassia, jioni yoyote wiki hii naweza kuja na kompyuta tupitie jedwali la mahudhurio. Najua tutakuwa tunashindania nafasi moja, lakini njoo tu tujifunze.

Otis wa Umoja

Mkurugenzi, bodi ikiamua kuhusu mshahara utuambie hapa. Mimi bado nasema usitangaze.

Zawadi K.

Nami nasema utangaze.